Upange au ununue kiwanja: hesabu ya muuguzi wa Tabora

"Shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Tabora mjini, naishi na watoto wawili. Baada ya makato yote napokea shilingi 680,000 kwa mwezi. Nimepanga Isevya kwa 90,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita sita, na ninaweza kuweka akiba ya 250,000. Benki nina 4,000,000. Nimeonyeshwa viwanja viwili: kimoja njia ya Urambo, hakijapimwa, ni 2,500,000 kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, kingine Ipuli, kimepimwa na kina barua ya toleo, ni 6,000,000. Wenzangu wanasema nichukue mkopo wa 10,000,000 nianze kujenga polepole. Ninunue, au niendelee kupanga?"

Marahaba, dada. Ushauri wangu ni kwamba ununue kiwanja kilichopimwa ikiwa kitapita uchunguzi nitakaoueleza, uendelee kupanga kwa muda wa kama miaka mitatu, na usiweke hata tofali moja juu ya msingi mpaka uwe na fedha za kufikisha nyumba ndogo kwenye bati ndani ya kiangazi kimoja. Mkopo unaweza kukufaa, lakini mkopo mdogo wa kumalizia, si mkubwa wa kuanzia. Nimefanya kazi ya ukadiriaji majenzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa hapa hapa Tabora, na tofauti kati ya mikopo hiyo miwili ndiyo niliyoiona ikitenganisha watumishi waliohamia kwao na wale ambao kuta zao bado zimesimama porini.

Watu wengi huiona kodi ya nyumba kuwa fedha iliyotupwa, na ukuta kuwa fedha iliyohifadhiwa. Sivyo ilivyo. Kodi ya 90,000 inakupa mahali pa kulala mwezi huu, karibu na kazi yako, na inakuachia uhuru wa kuondoka ukipewa uhamisho. Ukuta uliofika madirishani haukupi kitu chochote kati ya hivyo, na kila mwezi unaosimama bila paa wewe unabeba gharama mbili kwa pamoja: kodi ya unapoishi na fedha iliyolala kwenye tofali. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni gharama hizo mbili zitakwenda pamoja kwa miezi mingapi. Zikienda pamoja kwa miezi mitatu umejenga kwa faida. Zikienda pamoja kwa miaka sita, ingekuwa heri fedha hiyo ingebaki mahali unapoweza kuichukua.

Tuupime sasa mkopo ulioshauriwa. Nitachukulia riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, kwa miaka mitano. Wewe utaweka riba ya benki au SACCOS yako, na uhakikishe ni ya salio linalopungua, kwa sababu riba hiyo hiyo ikitozwa juu ya mkopo wote hadi mwisho ni mzigo mzito zaidi. Shilingi 10,000,000 kwa masharti hayo hurejeshwa kwa takribani 238,000 kwa mwezi, na mwisho wake utakuwa umelipa kama 14,270,000. Riba yake ya 4,270,000 ni sawa na kodi yako ya Isevya ya miezi 47. Ukijumlisha mkopo na akiba yako una 14,000,000. Kiwanja cha Ipuli pamoja na uchunguzi, wakili na gharama za uhamisho wa miliki tukiweke 6,500,000, nazo zinabaki 7,500,000. Nyumba ndogo ninayokushauri hapa chini nimeikadiria kwa mfano kuwa 9,000,000. Unapungukiwa 1,500,000, na kati ya ile 250,000 uliyokuwa ukiiweka kila mwezi, marejesho yamekuachia 12,000. Kwa 12,000 kwa mwezi, upungufu huo utaujaza kwa zaidi ya miaka kumi. Benki itakukubalia, kwa kuwa inachoangalia ni kwamba makato hayavuki theluthi mbili ya mshahara wako wa msingi. Haiangalii kama nyumba itafika kwenye bati. Hapo ndipo penye mtego, na nimewaona watu wazima, wenye hekima na bidii, wakiingia humo kwa sababu tu siku ya kupokea mkopo fedha huonekana nyingi.

Chukua sasa mpango wa pili. Una 4,000,000. Kwa akiba ya 250,000 utafikisha 7,000,000 baada ya miezi 12. Ukilipia kiwanja na gharama zake utabakiwa na 500,000 ya dharura, ambayo usiiguse kwa ajili ya ujenzi. Baada ya hapo unaendelea kuweka akiba kwa miezi 20 na kufikisha 5,000,000, na hapo ndipo unapokopa 4,000,000 tu, kwa miezi 24. Kwa riba ile ile marejesho ni kama 194,000 kwa mwezi na riba yote haizidi 660,000. Kama usingekopa, ungesubiri miezi 16 zaidi ili kufikisha 9,000,000, na katika miezi hiyo 16 ungelipa kodi ya 1,440,000. Mkopo huu, hata ukiongezewa ada na bima yake, umekugharimu chini ya kodi uliyoikwepa, kwa sababu siku ulipoupokea nyumba ilikuwa imebakiza miezi michache tu kukaliwa. Ukihamia, ile 90,000 ya kodi inarudi mfukoni na kukusaidia kurejesha. Kanuni yangu ni hiyo: riba ya mkopo ilinganishwe na kodi ambayo mkopo huo utaifuta, na mkopo usiofuta kodi ndani ya miezi michache usichukuliwe.

Akiba ya miezi hiyo yote usiiache kwenye akaunti unayoigusa kila siku. Akiba ya SACCOS ya kazini inafaa, maana mara nyingi ndiyo itakayopima ukubwa wa mkopo wako baadaye. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS nao unafaa, kwa kuwa fedha huko huongezeka na hutolewa ndani ya siku chache za kazi.

Nyumba ninayoizungumzia ni ile ambayo wenyewe tunaiita nyumba ya uani. Mchoraji akuchoree ramani nzima ya kiwanja, yenye nyumba kubwa ya vyumba vitatu mbele na nyumba ndogo nyuma, uombee zote mbili kibali cha ujenzi manispaa, kisha uanze na ile ndogo. Kwa watoto wawili, jengo la mita 8 kwa 5 linatosha vyumba viwili vya kulala, sebule ndogo, choo na bafu, na jiko likae barazani. Kuta za nje zina urefu wa mita 26, na za ndani tuseme 12. Kwa kimo cha mita 2.7, ukiondoa milango na madirisha, unapata kama mita za mraba 90 za ukuta. Mita moja ya mraba hula tofali tisa za saruji za inchi 18 kwa 9, nami huhesabu kumi kwa sababu ya zinazovunjika. Ni tofali 900. Ukiwa na hesabu hii mkononi, fundi hawezi kukuambia ulete 1,400. Ukichagua tofali za kuchoma, ambazo hapa Tabora zinapatikana kwa wingi, usitumie hesabu yangu, kwa kuwa kila tanuru lina kalibu yake. Pima tofali lenyewe, ongeza sentimita moja ya udongo au saruji ya kuungia kwenye urefu na moja kwenye kimo chake, ndipo uligawanye eneo la ukuta kwa eneo hilo la tofali. Na kabla ya kulipia, ligonganishe moja na jingine: lililoiva hulia kama chungu kizima, na ukililaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha asubuhi hulikuti limelainika kingo.

Katika ile miezi 20 ya kusubiri, bei za vifaa hazitakusubiri, na hapo kujenga polepole kunaweza kufanyika kwa namna nzuri, yaani kununua mapema vitu visivyoharibika. Mawe ya msingi na tofali zilizokomaa vinaweza kukaa kiwanjani iwapo kuna jirani wa kuviangalia. Nondo na bati vikae ndani, pakavu, na bati zisimamishwe zikiegemea ukuta, kwa kuwa zikilazwa zikapata unyevu katikati yake hutoka unga mweupe unaokula madini ya juu. Saruji usinunue mapema hata kama bei imeshuka. Mfuko uliokaa miezi mitatu hupoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu zake hata kama haujaganda, na fundi hatakwambia. Mbao nazo ziache mpaka wiki ya kupaua, kwani mchwa wa huku hawahitaji mwezi.

Kujenga ukuta kidogo kidogo, kozi tatu mwaka huu na nne mwakani, ndiko ninakokukataza. Nilifanya hivyo mwenyewe nilipokuwa kijana. Niliinua kuta hadi kwenye linta mwezi wa kumi, nikaishiwa, mvua za Novemba zikaja na kwenda hadi Aprili, na nikakaa hivyo misimu miwili. Maji huingia kwa juu ya ukuta, huosha kiungo kati ya tofali, na jua la kiangazi hukausha na kupasua kilichobaki. Niliporudi na fedha, fundi aliziangusha kozi tatu za juu kwa mkono mtupu, na nondo zilizochomoza kwa ajili ya mkanda zilikuwa zimeliwa na kutu kiasi cha kukatwa. Nililipia kazi hiyo mara mbili, na sikumlaumu mtu. Msingi uliofukiwa vizuri na kumwagiwa zege unaweza kuvumilia msimu mmoja wa mvua. Ukuta usio na kofia hauvumilii. Ndiyo maana nasema kazi ianze Mei au Juni, fedha zote zikiwepo, na bati ziwe juu kabla ya Oktoba kwisha.

Kuna sababu nyingine ya mtumishi kuogopa ukuta wa nusu, nayo ni uhamisho. Ukihamishiwa Kaliua au Mpanda ukiwa na kiwanja kitupu chenye karatasi safi, utakiuza au utakiacha. Ukiwa na nyumba ya uani iliyokamilika, utaipangisha. Lakini ukiwa na kuta zisizo na paa, mnunuzi atakulipa thamani ya kiwanja tu, na wakati mwingine atapunguza gharama ya kuzivunja.

Kuhusu kiwanja chenyewe, nimekuelekeza Ipuli ingawa bei yake ni zaidi ya mara mbili, na sababu iko kwenye karatasi. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa inathibitisha kwamba wewe na muuzaji mlikubaliana; haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba ardhi hiyo ni makazi. Siku wapimaji watakapopita, eneo lako la hatua ishirini kwa ishirini linaweza kukutwa katikati ya barabara ya mchoro au eneo la wazi, na gharama za urasimishaji zitakuwa juu yako. Ukitaka kukijua kiwanja cha njia ya Urambo kabla ya kukikataa, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uliza kama eneo hilo lina mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na limepangiwa matumizi gani. Kama ni ardhi ya kijiji bado, mwenye mamlaka ni halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na dalali aliyekuonyesha hana analoweza kukuhakikishia.

Kile cha Ipuli nacho usikiamini kwa sababu tu kina barua ya toleo. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, uombe upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati, kisha ulinganishe na jalada lililoko manispaa, kwa kuwa barua ya toleo inaweza kuwa ya kweli huku kiwanja kikiwa kimegawiwa watu wawili. Mlipe mpimaji mwenye leseni aje na kifaa chake athibitishe kwamba mawe ya mpaka yaliyoko chini ndiyo yaliyoko kwenye ramani ya upimaji. Mawe huhamishwa, na aliyeonyeshwa kwa kidole amewahi kujenga kwa jirani. Omba stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, maana deni lake hufuata kiwanja. Kama muuzaji ana mwenza, ridhaa ya mwenza huyo iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili, si kwa maneno ya "mama ameshakubali". Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida aliyopata; madalali hupenda kuisukumia kwa mnunuzi kimya kimya, kwa hiyo mkataba utaje wazi nani analipa. Kwa upande wako utakuwa na ushuru wa stempu, asilimia moja ya thamani, yaani 60,000 kwa bei hiyo, na ada za uhamisho. Malizia uhamisho mpaka jina lako lisomeke. Mtu anayenunua na kuiacha barua ya toleo katika jina la muuzaji kwa miaka minane atakuja kuzungumza na warithi.

Zaidi ya hayo, soma tarehe. Masharti ya miliki mara nyingi humtaka mwenye kiwanja kukiendeleza ndani ya miezi 36, na muda huo huanza kuhesabiwa tangu miliki ilipotolewa, si siku uliyonunua wewe. Muuzaji anayeuza mwaka wa tatu akiwa hajajenga anaweza kuwa anakuuzia na hatari ya miliki kufutwa kwa kutoendelezwa. Ukikuta muda umekwisha, usikate tamaa, ila zungumza na ofisa ardhi kabla ya kulipa, upate kwa maandishi jinsi itakavyokuwa, na ujue kwamba nyumba ya uani yenye kibali ni uendelezaji unaoonekana, jambo ambalo rundo la tofali silo.

Mwisho ni udongo, ambao watu huukumbuka ukuta ukishapasuka. Kuna maeneo ya Tabora yenye udongo mwekundu na wa kichanga, mgumu, unaobeba nyumba bila shida, na kuna mabonde ya mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Nyumba juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka nyufa zitoke kwenye pembe za madirisha zikipanda kwa mshazari. Viwanja viwili vilivyotenganishwa na barabara moja vinaweza kuwa tofauti kabisa. Kiangazi angalia ardhi: nyufa zinazoingiza kidole ni dalili tosha. Masika pita baada ya mvua kubwa uone maji yanasimama wapi, na kwa kuwa huenda ukanunua kiangazi, waulize wapangaji wa nyumba jirani, si wenye nyumba, maana mwenye nyumba naye anaweza kuwa na kiwanja cha kuuza. Kisha mwombe muuzaji akuruhusu kuchimba shimo moja la mita moja na nusu. Ukifika udongo mgumu mwekundu kabla ya kupita nusu mita, makadirio yangu yanasimama. Ukichimba mita nzima na bado unatoa mweusi unaonata kwenye jembe, msingi utalazimika kushuka hadi upite udongo huo, ujazwe moramu iliyoshindiliwa na kufungwa mkanda wa nondo chini ya ukuta, na fungu la msingi linaweza kuongezeka maradufu. Hapo omba bei ipunguzwe kwa kiasi hicho, au utafute kingine.

Kibarua wa kuchimba shimo hilo humaliza kwa asubuhi moja. Muuzaji akikataa lisichimbwe, usilipe.